Kikumbusho cha Malipo kwa Anayeishi Ughaibuni

Tuseme unaishi London, na mkopo wako wa Dar es Salaam hulipwa tarehe 5 ya kila mwezi, kabla ya saa 10 alasiri ya huko. Mwezi Julai uliweka kikumbusho cha saa 7 mchana kwa saa za London, yaani saa 9 alasiri Dar es Salaam. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza hurudisha saa nyuma, Tanzania haibadilishi. Tangu Novemba kikumbusho hulia Dar es Salaam ikiwa saa 10 kamili, nawe umekwisha kuchelewa.

Kengele ya kawaida ya simu haifai hapa, kwa kuwa hufuata saa za mahali ulipo. Tumia kalenda ya simu: katika tukio lenyewe, chagua ukanda wa saa wa Dar es Salaam, kisha andika 15:00 (si 9:00, kosa linalotupata wengi tuliozoea saa za Kiswahili). Hifadhi, kisha ufungue tarehe 5 Julai na 5 Desemba. Kalenda ya London ikionyesha 13:00 na 12:00, umepatia. Ikionyesha saa ileile mara zote mbili, ukanda haukubadilika.

Kikumbusho cha kuamka, kinyume chake, kiache kifuate mahali ulipo.