SOMO: BARUA INAYOTANGULIA ANDIKO LA KUOMBA RUZUKU



Apokeaye maombi ya ruzuku huanza na ile barua ya ukurasa mmoja iliyowekwa juu ya andiko. Huenda andiko lenyewe asilifungue mpaka barua imwambie ni nani aombaye, aomba nini, na kiasi gani. Kwetu watu wa pwani jambo hili si geni. Barua za wazee wetu, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilianza kwa salamu na dua, kisha likaja neno "wa baadu". Hapo msomaji alijua kwamba salamu zimekwisha na haja inaanza. Barua nyingi za siku hizi zimezishika salamu zikaipoteza wa baadu.

Tumechukua mfano wa ng'ambo, maana kasoro ya barua ya jirani huonekana upesi kuliko ya barua yako. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya mto Rufiji yalifunika mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Natuseme kikundi cha wakulima wa mpunga wa delta, upande wa Kibiti, kaya 60, kilitaka kuomba mbegu baada ya hapo. Mwandishi mwenye uchungu ataanza hivi:

"YAH: OMBI LA MSAADA. Sisi wanyonge wako tumepatwa na balaa isiyo na mfano, wala hatuna uwezo wowote. Twakuomba kwa huruma yako utusaidie chochote utakachojaaliwa."

Uchungu wake ni wa kweli, lakini barua hii haiwezi kutiwa sahihi. "Chochote" laonekana neno la adabu, kumbe lamtwika mwenye fedha kazi ya kutupangia hesabu. Naye asemaye hana uwezo wowote amejitoa mwenyewe, kwa kuwa ruzuku hupewa mtu awezaye kuisimamia. Sasa tuiandike upya:

"YAH: OMBI LA RUZUKU YA SHILINGI 4,000,000 KWA MBEGU YA MPUNGA, DELTA YA RUFIJI, WILAYA YA KIBITI

Baada ya salamu, tunaomba kwa heshima ruzuku ya shilingi 4,000,000 (milioni nne) ili tupate kilo 1,200 za mbegu ya mpunga kwa kaya 60, kila kaya ekari moja. Mafuriko ya Aprili 2024 yalichukua mpunga uliokuwa shambani pamoja na mbegu tuliyoiweka. Mbegu ni shilingi 3,600,000. Kuisafirisha kwa mashua kutoka Nyamisati ni shilingi 400,000. Kulima, kupanda na kupalilia ni kazi yetu. Mashamba yote 60 yako nje ya hifadhi ya mikoko. Barua ya serikali ya kijiji imeambatishwa. Hatuwezi kuahidi kwamba mto hautafurika tena. Twaahidi kwamba baada ya mavuno kila kaya itarudisha kilo 20 za mbegu katika ghala la kikundi, na orodha yake tutawaletea. Ili tuwahi kupanda, twaomba jibu kabla ya tarehe 31 Oktoba 2024."

Tazameni unyenyekevu ulipo. "Kwa heshima" limetajwa mara moja tu, nalo latosha. Unyenyekevu mkubwa zaidi umo katika kukiri lisilowezekana, na katika kueleza jasho la wenyewe bila kujisifu. Mafuriko nayo hayakufutwa. Yamekuja nyuma ya ombi, mahali ambapo yanaeleza sababu, wala hayamzuii msomaji mlangoni.

Sentensi ya mikoko ina kazi kubwa kuliko urefu wake. Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi, na katika delta kumekuwa na ukataji wa mikoko kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Mwenye fedha atauliza hilo hata kama hakulisema, basi ajibiwe kabla hajauliza. Ikiwa mashamba manane yamo ndani ya hifadhi, kikundi kisiandike 60. Kiandike 52, kilo 1,040, na shilingi 3,120,000 za mbegu, kisha kirekebishe jumla katika barua na katika andiko pia. Jumla mbili zisizolingana ni sababu ya kutosha ya maombi kuwekwa kando.

Kuipima barua ni rahisi. Mpe mtu asiye wa kikundi aisome mara moja, uichukue, kisha umwulize: kiasi gani, kwa kazi gani, kabla ya lini? Akisitasita kwenye kiasi, rudi kwenye mstari wa YAH.

Kwa sisi wa karafuu, swali litakaloulizwa ni la miaka. Mkarafuu huchukua kama miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na ruzuku nyingi hufungwa kabla ya hapo. Basi aombaye fedha za miche asiahidi magunia ya karafuu. Aahidi idadi ya miche itakayohesabiwa hai baada ya kiangazi cha kwanza, na kupanda upya mahali pa iliyokufa.