SOMO LA MAKATIBU: KUFASIRI BARUA YA KODI SI KUIELEZA



Hakuna katibu wa chama cha msingi ambaye hajawahi kuletewa bahasha na mwanachama akaambiwa, "Hebu nisomee hii." Mara nyingi barua ya namna hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, ingawa mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu. Basi katibu huifasiri neno kwa neno, mwanachama hushukuru na kwenda zake, na kila mmoja hudhani kazi imekwisha. Somo hili linahusu kosa ninalolifahamu vizuri, kwa kuwa nililifanya mimi mwenyewe, mkaguzi wa vyama, tena katika barua ya mjomba wangu.

Mjomba ni mzee wa miaka sabini na mitatu, na anauza viungo vya chakula: iliki, mdalasini, pilipili manga na mengineyo. Kwa miaka mingi alikuwa na meza ndani ya jengo kuu la Soko la Kariakoo. Jengo lilipoungua tarehe 10 Julai, 2021, bidhaa zake ziliteketea pamoja na madaftari yake yote. Baadaye alipata kibanda kidogo upande wa Mtaa wa Narung'ombe akaanza upya.

Tarehe 14 Februari, 2023 aliletewa barua ya ofisi ya kodi, akatia sahihi ya kuipokea. Jumapili iliyofuata, tarehe 19, nilikwenda kumwamkia, naye akaitoa ndani ya mkoba. Nikamsomea hivi: "Mauzo yako ghafi yamekadiriwa kuwa shilingi 10,400,000. Kodi ni shilingi 250,000 kwa awamu nne. Usipolipa kwa wakati utatozwa riba. Ukiwa na pingamizi, uliwasilishe ndani ya siku thelathini." Kila neno lilikuwa sahihi. Mjomba akaikunja barua, akasema, "Nimeelewa, mwanangu," nami nikaaga.

Alhamisi, tarehe 9 Machi, mkaza mjomba alinipigia simu akilia. Alisema mumewe amekwenda kwa mkopeshaji wa mtaani kutafuta shilingi milioni moja, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na ameweka rehani bidhaa zote za kibanda. Nilitoka ofisini nikaenda moja kwa moja hadi kibandani. Kwa bahati njema fedha zilikuwa bado hazijatolewa.

Nilimwuliza milioni moja ni ya nini. Akanijibu kwa mshangao, "Si wewe uliyenisomea? Laki mbili na nusu, kwa awamu nne. Ni milioni moja hiyo. Nikaona heri niilipe yote mara moja, nisisumbuliwe uzeeni."

Ndipo nilipotambua kwamba katika Kiswahili chetu maneno yale yana njia mbili. "Shilingi 250,000 kwa awamu nne" yaweza kuwa 250,000 iliyogawanywa mara nne, na yaweza pia kuwa 250,000 katika kila awamu. Mwandishi wa barua alikusudia maana ya kwanza, lakini mzee aliyekwisha kuingiwa na hofu hushika ile ya pili. Ilinipasa kusema hivi: "Kodi ya mwaka mzima ni laki mbili na nusu. Utailipa mara nne, na kila mara utatoa shilingi 62,500. Mara ya kwanza mwisho wake ni tarehe 31 Machi, ya pili 30 Juni, ya tatu 30 Septemba, na ya nne 31 Desemba." Tarehe na kiasi husemwa pamoja, kisha huandikwa pembeni mwa barua kwa kalamu, kwa tarakimu kubwa. Tangu siku ile sisomi tena neno "awamu" bila kutaja papo hapo kiasi cha awamu moja.

Nikamwomba anieleze, kwa maneno yake, mambo mengine aliyoyasikia. Hapo nikakuta shimo la pili. Alisema, "Wananionea. Mimi milioni kumi kwa mwaka sijapata kuziona." Alichukulia "mauzo ghafi" kuwa faida. Mauzo ghafi ni fedha zote zilizoingia mkononi kwa kuuza, kabla ya kutoa gharama yoyote, iwe ya bidhaa, pango, mchukuzi au kitu kingine. Tulihesabu pamoja tukaona kwamba katika kila shilingi mia anazouza, zinazobaki kwake ni kama kumi na tano. Kwa hiyo mtu mwenye mauzo ya shilingi 8,000,000 anabakiwa na 1,200,000 tu. Mfanyabiashara mdogo wa namna yake hutozwa kodi kwa kuangalia mauzo, si faida, na kwa sababu hiyo hata mwaka wa hasara una kodi. Jambo hili halipendezi kulieleza, lakini mwanachama asipolijua atakwenda ofisini kubishania faida ilhali afisa anazungumzia mauzo, na watu wawili hao hawataelewana hata wakizungumza lugha moja.

Ila katika lalamiko lake mlikuwa na jambo la kweli, na jambo hilo ndilo nililolipita bila kuliona Jumapili ile. Viwango vilivyotumika mwaka 2023 kwa mtu mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi 7,000,000 hadi 11,000,000 kwa mwaka vilikuwa viwili. Asiyekuwa na kumbukumbu kamili alilipa shilingi 250,000 bila kujali yuko wapi kati ya saba na kumi na moja. Mwenye kumbukumbu alilipa shilingi 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni saba. Kwa hiyo ile 250,000 iliyokuwa katika barua ilikuwa inatuambia jambo ambalo halikuandikwa: kwamba ofisi ilimhesabu mzee kuwa mtu asiye na daftari. (Viwango hivi hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Katibu asivitumie kabla ya kuhakikisha vya mwaka unaohusika.)

Nikamwuliza, "Mjomba, tangu moto ule huandiki mauzo?" Akasema yeye haandiki tena, alikata tamaa, lakini mjukuu wake anayemsaidia kibandani huandika kila jioni katika daftari la shule. Tukalileta. Lilikuwa na mauzo ya kila siku ya mwaka 2022, isipokuwa wiki mbili za Novemba ambazo kijana alikuwa katika mitihani. Wiki hizo tulizijaza kwa kutumia risiti za wauzaji wa jumla na kumbukumbu za fedha zilizoingia katika simu, na tukaandika wazi kuwa zimejazwa hivyo. Nawasihi msifiche pengo la namna hii, maana afisa akiligundua mwenyewe ataacha kuliamini daftari zima. Jumla ya mwaka ilifika shilingi 8,200,000.

Hesabu yake ni hii. Toa 7,000,000 katika 8,200,000, hubaki 1,200,000. Asilimia 3 yake ni 36,000. Ongeza 90,000, upate kodi ya shilingi 126,000. Tofauti na ile ya barua ni shilingi 124,000, na hiyo kwa mzee wangu ni zaidi ya faida ya mwezi mzima.

Sasa lile neno la "pingamizi". Mjomba alipolisikia alidhani ni kuishtaki Serikali, akaapa kwamba hawezi kufanya jambo kama hilo. Wala si ajabu, kwa kuwa neno hili tumelizoea mahakamani na katika ndoa. Katika kodi, pingamizi ni barua ya mlipakodi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato, akimwomba aangalie tena makadirio na akitaja sababu zake. Haki hiyo imo katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna ana njia ya kwenda Bodi ya Rufani za Kodi, lakini watu wengi wenye jambo la daftari hawafiki huko.

Siku zake ni thelathini, na huhesabiwa tangu kupokewa kwa barua, wala si tangu tarehe iliyochapwa juu yake. Barua ya Mjomba ilichapwa tarehe 6 Februari, na kwa hesabu hiyo muda ungekuwa umekwisha tarehe 8 Machi, yaani jana yake. Lakini aliipokea tarehe 14 Februari, kwa hiyo siku yake ya mwisho ilikuwa 16 Machi. Tulikuwa na siku saba. Ndiyo maana nawaomba makatibu, kabla hamjasoma hata mstari mmoja, mwulize barua ilipokewa lini, mkaiandike siku hiyo juu ya bahasha.

Kuna sharti jingine ambalo huwaangusha wengi. Pingamizi halipokelewi mpaka mlipakodi awe amelipa, ndani ya siku zilezile thelathini, kiasi cha kodi asichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Theluthi ya 250,000 ni shilingi 83,333. Kiasi ambacho Mjomba hakukibishia ni 126,000, nacho ndicho kikubwa. Maana yake ni kwamba ilimbidi kutoa 126,000 kufikia tarehe 16 Machi, ilhali kama angenyamaza angetakiwa kutoa 62,500 tu ifikapo tarehe 31. Asiyeweza anaruhusiwa kumwandikia Kamishna aombe kupunguziwa au kusamehewa sharti hilo, lakini lazima atoe sababu ya kuridhisha. Nilimweleza Mjomba jambo hili mara mbili. Sikutaka achague kwa sababu mimi nimependa hesabu yangu.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Laki na ishirini na sita ninazo. Milioni ndiyo sikuwa nayo." Tulichukua namba ya malipo, akalipa benki, akapewa stakabadhi. Pingamizi liliingia ofisini tarehe 14 Machi likiwa na nakala za daftari na risiti, na nakala yetu tukagongewa muhuri wa kupokelewa. Baada ya miezi miwili ilikuja barua ya kukubali shilingi 126,000. Safari hii alinipa niisome, kisha akaniambia, "Sasa subiri, nikueleze mimi inasemaje."

Zoezi la kikundi: Mwanachama ana barua iliyochapwa tarehe 3 Aprili, 2023, aliyoipokea tarehe 19 Aprili. Amekadiriwa kodi ya shilingi 250,000. Daftari lake linaonyesha mauzo ya shilingi 9,500,000. Tafuteni kodi yake kwa mujibu wa daftari, siku yake ya mwisho ya pingamizi, na kiasi anachotakiwa kulipa kwanza. Kisha mmoja wenu awe mzee asiyejua Kiingereza, mwingine amweleze, na mzee arudie kwa maneno yake. Majibu: kodi ni shilingi 165,000, siku ya mwisho ni 19 Mei, na malipo ya kwanza ni hizo hizo 165,000, kwa kuwa zinazidi theluthi.