Dondoo muhimu: Mita ngapi za pazia?

Mteja wa Upanga akikutumia picha ya dirisha yenye vipimo, kabla hujaenda Kariakoo muulize: ni vya fremu au vya bomba? Hesabu hufuata bomba.

- Urefu: Tuseme bomba hadi karibu na sakafu ni sm 240. Ongeza sm 20 za pindo la juu na chini: sm 260.
- Marinda: Bomba la sm 200 zidisha mara mbili: sm 400.
- Kitambaa cha upana wa sm 280: Kilaze ubavu. Nunua mita 4.2, pindo za pembeni zikiwemo. Ila kikiwa na maua yenye juu na chini, usikilaze, maana yatalala.
- Cha sm 150: Vipande 3 vya sm 260, yaani mita 7.8.