Tusiuruke Mstari wa 21
Somo la juma: Kutoka 21:20-27



Katika kusoma kitabu cha Kutoka tumefika sura ya 21. Mstari wa 20 unasema bwana akimpiga mtumwa wake kwa fimbo, wa kiume au wa kike, naye akafa mkononi mwake, bwana huyo hana budi kuadhibiwa. Mstari wa 21 unaongeza kwamba mtumwa akiishi siku moja au mbili, bwana haadhibiwi, kwa sababu mtumwa ni fedha yake. Tulipomaliza kusoma, kijana mmoja aliuliza, "Kwa hiyo Mungu aliruhusu?" Sisi watu wazima tukabaki kutazamana.

Njia rahisi ni kuruka. Lakini tukumbuke waliotutangulia kuruka. Mwaka 1807 huko London ilichapwa Biblia iliyopunguzwa, kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi. Habari ya Waisraeli kutoka Misri iliondolewa, na agizo la watumwa kuwatii mabwana zao likabakizwa. Wale waliondoa kilichowatia watumwa tumaini; sisi tungeondoa kinachotutia aibu. Kwa vyovyote, msikilizaji anapewa Biblia ambayo mtu mwingine ameshamkatia.

Njia ya pili ni kutetea. Husemwa kwamba utumwa ule ulikuwa kama kazi ya mkataba. Kwa Mwebrania upo ukweli, maana mstari wa 2 unamwachia huru mwaka wa saba. Lakini Walawi 25:44-46 inaruhusu wageni wamilikiwe maisha yao yote na kurithishwa watoto. Sisi tulio wageni katika nchi hii hatuwezi kuusoma mstari huo haraka haraka.

Husemwa pia kwamba kuishi siku mbili ni dalili kuwa bwana hakukusudia kuua. Wafasiri wengi hueleza hivyo, na mhubiri aseme. Lakini sisi tunaofanya kazi hospitalini tunajua mwili unavyokufa kwa kipigo. Mtu aliyepigwa sana anaweza kuketi na kuomba maji, huku bandama iliyopasuka ikivuja damu tumboni. Misuli iliyopondwa huachilia vitu vinavyoharibu figo. Mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, kisha hukatika. Fimbo ya Jumatatu inaweza kuua Alhamisi, na bado ni fimbo iliyoua. Mstari wa 21 haumlindi mtu huyo.

Basi tuhubirije? Kwanza, mistari yote miwili isomwe kwa sauti, bila kuharakisha. Pili, tuanze na aliyelala chini, si aliyeshika fimbo. Hana jina, na sheria haikumuuliza neno. Tatu, tuseme sheria ilifanya nini. Katika sheria za Hamurabi wa Babeli, aliyesababisha kifo cha mtumwa wa mwingine alimlipa mwenye mtumwa fidia. Hapa kumwua mtumwa wako mwenyewe kuna adhabu, na mstari wa 26 na 27 unasema aliyeng'olewa jino au kuharibiwa jicho aachwe huru. Nne, tuseme ilipoishia: bado ilimwita mtu fedha. Tusiharakishe kutoka hapo.

Baada ya hapo ndipo tuyapime Maandiko kwa Maandiko. Kumbukumbu la Torati 23:15-16 inakataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake. Katika Mathayo 19:8, Yesu anasema Musa aliruhusu talaka kwa sababu ya ugumu wa mioyo, wala haikuwa hivyo tangu mwanzo. Yaani Yesu mwenyewe alionyesha kwamba jambo linaweza kuruhusiwa katika torati na lisiwe ndilo Mungu alilolitaka. Hata hivyo alikuwa akizungumzia talaka, si utumwa. Tunapolipeleka neno hilo kwenye Kutoka 21, tuwaambie watu wazi kwamba hatua hiyo tumeipiga sisi.

Kwa hiyo kijana wetu tulimjibu: "Ndiyo, sheria hii iliruhusu, na aliyepigwa alidhulumiwa." Akauliza tena, "Mbona Mungu hakukataza kabisa?" Hatukuwa na jibu la kulifunga swali hilo, wala hatukujifanya tunalo.

Miongoni mwetu wamo waliowahi kupigwa katika nyumba walizofanyia kazi, pasipoti zao zikiwa zimefungiwa kabatini. Tukimtetea mwenye fimbo wa zamani, dada huyo anasikia tukimtetea na wa kwake.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Ni mstari gani katika sura hii tungependa mtoto asituulize? Kwa nini?
2. Someni mstari wa 20 na 21 kama vile mtumwa angevisikia. Nini kinabadilika?