Mafunzo Niliyopata Kwenye Dirisha la Dawa Msimu wa Homa ya Mafua

Mimi ni mfamasia kwenye mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Kila majira ya baridi huja mtu kuomba Tamiflu kwa ajili ya watu wasioumwa kabisa, kwa sababu nyumbani kuna mgonjwa. Dawa yenyewe ni oseltamivir, na kweli inakinga. Katika utafiti wa nyumba zenye mgonjwa, kati ya watu 100 waliokunywa vidonge visivyo na dawa waliugua 12. Kati ya 100 waliokunywa dawa, aliugua mmoja. Lakini hapa hatumpi kila mtu.

1. Kuishi na mgonjwa hakutoshi

Nitaeleza kwa nyumba moja. Baba alishikwa na homa na kikohozi Jumatatu jioni. Jumatano asubuhi mkewe akaja dirishani: "Kaka, naomba dawa ya watu wanne." Wanne hao ni yeye mwenyewe, mama mkwe wake, kijana wa miaka 16 na binti wa miaka 8.

Utaratibu wa Uingereza una maswali machache. Je, virusi vimeshatangazwa kuwa vinasambaa msimu huu? Je, mtu huyu yuko kwenye kundi la hatari, yaani ana miaka 65 au zaidi, ni mjamzito, ana kinga dhaifu, kisukari, au ugonjwa wa kudumu wa moyo, mapafu, figo au ini? Je, chanjo haijamkinga? Na je, anaweza kuanza dawa ndani ya saa 48?

Kijana alitoka kwenye swali la pili: mzima, hana ugonjwa wowote. Akiugua atalala siku chache na kupona. Mama mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi saba, kwa hiyo yumo kwenye kundi la hatari, ila alichanjwa Oktoba na chanjo ya mwaka ule ililingana na virusi vilivyokuwa vikizunguka. Naye akatoka, kwa sharti kwamba akihisi homa apige simu siku hiyo hiyo. Hakufurahi, na simlaumu. Angekuwa mtu ambaye kinga yake imevunjwa na dawa za saratani, tusingeitegemea chanjo hata kama kadi inaonyesha amechanjwa.

Binti ana pumu, anavuta dawa ya steroidi kila siku, na hakuwa amechanjwa. Anafaa. Bibi ana miaka 71 na kisukari. Alichanjwa, ndiyo, lakini siku sita tu nyuma, na mwili huhitaji kama siku 14 kujenga kinga. Anafaa.

2. Saa zinahesabiwa tangu mgonjwa alipoanza

Watu huhesabu tangu walipoanza kuogopa. Mgonjwa huanza kuambukiza hata siku moja kabla ya homa kupanda, kwa hiyo sisi tulihesabu kuanzia Jumatatu jioni, na Jumatano asubuhi tulikuwa bado ndani ya muda. Daktari akaandika dawa mchana, lakini karatasi ikarudishwa: hakuandika herufi SLS, na bila herufi hizo duka la dawa haliruhusiwi kutoa Tamiflu kwa gharama ya huduma ya umma. Herufi tatu zikatugharimu saa mbili. Siku hizi naziulizia kabla karatasi haijatoka kwa daktari.

3. Uliza figo na uzito kabla ya kufungua boksi

Mtu mzima wa kawaida hunywa miligramu 75 mara moja kwa siku, kwa siku 10. Figo za bibi zilikuwa zinachuja mililita 42 kwa dakika, na dawa hii hutoka kwa njia ya figo. Akapewa miligramu 30 kwa siku. Binti alikuwa na kilo 26, akapata miligramu 60, yaani kapsuli mbili za 30. Alikataa kumeza. Tulimwonyesha mama kufungua kapsuli na kuchanganya unga wake na kijiko cha asali, maana ni mchungu kweli. Bibi alishauriwa anywe baada ya chakula, kichefuchefu kisimsumbue.

4. Dozi ya kinga si dozi ya tiba

Hili nalirudia hadi watu wanachoka nami. Mgonjwa hunywa mara mbili kwa siku kwa siku tano. Anayejikinga hunywa mara moja. Anayejikinga akianza homa na kuendelea na kidonge kimoja, anavipa virusi dawa kidogo mno, na hapo ndipo vinapopata nafasi ya kuwa sugu. Apige simu, apimwe, dozi ibadilishwe.

Tena kinga ya dawa hii hudumu wakati unakunywa tu. Kwa bibi mahesabu yalikaa vizuri: siku yake ya kumi ya vidonge ilikuwa ya 15 tangu achomwe sindano. Binti alikuwa bado anadai chanjo ya kupuliza puani, ambayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na Tamiflu huvizuia kuongezeka. Tukampangia miadi baada ya saa 48 kupita tangu kapsuli ya mwisho.