Jiko la Unga wa Mbao

Katika kila kiwanda cha seremala huonekana chungu ya unga wa mbao ulioangushwa na msumeno, nao kwa kawaida hutupwa au huchomwa ovyo. Ukimwagwa juu ya moto wa mafiga, huuzima au hutoa moshi mtupu, kwa sababu hewa haipiti ndani yake. Lakini ukishindiliwa katika debe na kuachiwa njia ya hewa, hupika vizuri. Twaeleza hapa namna tulivyofanya.

Kwanza, unga uwe mkavu. Fumbata konzi moja mkononi, kisha fumbua. Ukibaki donge, uanike tena juani. Tena usichukue unga wala vipande vya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, maana moshi na majivu yake huweza kuwa na sumu.

Twaa debe tupu, ukate mdomo wake wote, na ubavuni karibu na kitako utoboe tundu la upana wa inchi 3. Ingiza gongo laini katika tundu hilo mpaka katikati, na jingine lisimamishe wima juu ya ncha yake. Mwaga unga kidogo kidogo, ukishindilia kila mara kwa kipande cha mti, mpaka zibaki inchi 2 kufika ukingoni. Ndipo uzungushe magongo polepole na kuyachomoa. Kuta za unga zikiporomoka, hukushindilia vya kutosha, anza upya.

Weka vyuma vitatu ukingoni ili sufuria isizibe njia ya moto, kisha washa vibanzi vichache katika tundu la chini. Hewa huingia chini na kupanda katikati, na unga huungua kutoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo moto huwa mdogo mwanzoni, kisha huzidi kadiri shimo linavyopanuka.

Tulipojaribu mara ya kwanza tulitumia unga uliolala nje usiku. Tulipata moshi mwingi, na maji hayakuchemka. Mara ya pili, kwa unga mkavu, debe moja liliivisha sufuria ya maharagwe, na makaa yakabaki ya kuchemshia maji ya kuoga. Jumla yake ilikuwa kama saa 4. Moto ulipozidi tuliziba nusu ya tundu kwa kipande cha bati. Ulipofifia tulikuta majivu yamejaa chini, tukayakwangua kwa kijiti.

Jiko hili lina upungufu wake. Haliwezi kuongezwa unga likiwa linawaka, basi mwenye kupika siku nzima awe na madebe mawili. Tena lisiwekwe kamwe katika chumba kilichofungwa, hata moshi ukiwa hauonekani, maana hewa mbaya ya moto unaofuka huua watu usingizini. Mahali pake ni uani, au chini ya kibanda kilicho wazi pande zote.