Kwa Nini Siku ya Usawa Haina Tarehe Moja

Kila mwaka jua huvuka mstari wa Ikweta mara mbili, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, na siku hizo mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote. Watu wengi walifundishwa shuleni kwamba siku ya Machi ni tarehe 21. Lakini kalenda moja huandika 20, na nyingine 21, hata mwanafunzi akauliza ni ipi iliyokosea. Huenda hakuna iliyokosea. Tutazame sababu yake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: usawa si siku nzima, bali ni nukta moja ya wakati, ambapo kitovu cha jua huvuka Ikweta. Siku tunayoiita ya usawa ni ile tu ambayo nukta hiyo imeangukia ndani yake.

Jambo la pili ni urefu wa mwaka. Kutoka usawa wa Machi mmoja hata wa pili hupita siku 365 na saa 5 na dakika 49 hivi. Kalenda haiwezi kuhesabu kipande cha siku. Huhesabu siku 365 kamili na kuziacha zile saa kama deni. Kwa hiyo kila mwaka usawa huchelewa saa sita kasoro dakika chache. Dakika hizo hazilingani kila mwaka, maana mwezi na sayari nyingine huivuta dunia kidogo katika mwendo wake.

Tutwae mfano, kwa saa za Afrika ya Mashariki. Mwaka 2020 usawa ulikuwa tarehe 20 Machi, saa 12 na dakika 50 asubuhi. Mwaka 2021 ulikuwa tarehe ile ile, lakini saa 6 na dakika 37 mchana. Mwaka 2022 ulikuwa tarehe 20 tena, saa 12 na dakika 33 jioni. Mwaka 2023 ulichelewa hata ukapita saa sita ya usiku kwa dakika 24. Na kwa kuwa siku ya kalenda huanza saa sita ya usiku, wala si magharibi kama ilivyo desturi ya pwani, tarehe ilikuwa imekwisha kuwa 21.

Usiku huo huo saa za Grinwichi, Uingereza, zilikuwa nyuma yetu kwa saa tatu, na huko tarehe 20 ilikuwa haijakwisha. Basi kalenda iliyopigwa chapa kwa saa za Grinwichi iliandika 20, na ya kwetu iliandika 21, na zote mbili zilisema kweli.

Mwaka 2024 deni lililipwa kwa kuongeza tarehe 29 Februari. Usawa ukarudi nyuma, tarehe 20 Machi, saa 12 na dakika 6 asubuhi. Sasa linganisha na mwaka 2020: umewahi kwa dakika 44. Sababu yake ni kwamba deni la miaka minne ni kama saa 23 na robo, nasi tumelipa saa 24. Tumezidisha malipo.

Dakika 44 ni kidogo, lakini hujikusanya. Katika kalenda ya Juliasi Kaisari, iliyoongeza siku kila mwaka wa nne bila kuacha, usawa ulirudi nyuma hata mwaka 1582 ukawa tarehe 11 Machi. Ndipo Papa Gregori wa 13 alipoamuru siku kumi ziondolewe: baada ya tarehe 4 Oktoba ikafuata tarehe 15. Tena akaweka sheria kwamba katika kila miaka 400 siku tatu za nyongeza ziachwe. Kwa hiyo mwaka 1900 haukuwa na tarehe 29 Februari, mwaka 2000 ulikuwa nayo, na mwaka 2100 hautakuwa nayo.

Siku ambazo jua hufika mwisho wa safari yake kaskazini au kusini zafuata kanuni hiyo hiyo. Mwaka 2024 jua lilifika mwisho wa kaskazini tarehe 20 Juni, saa 5 na dakika 51 usiku. Mwaka 2025 lilifika tarehe 21, saa 11 na dakika 42 alfajiri.

Na ile tarehe 21 Machi? Usawa wa mwaka 2027 kwa saa zetu ni tarehe 20, saa 5 na dakika 25 usiku. Haufiki saa sita. Kila mwaka wa nne baada ya huo utazidi kuwahi. Kwa hiyo ule wa mwaka 2023 ulikuwa wa mwisho kwetu kuangukia tarehe 21 Machi kabla ya mwaka 2100. Mwalimu anayefundisha tarehe 21 hana budi kuisahihisha.